Mstari wa Jirani Kwenye Shamba la Matikiti

Kibanda chetu kilisimama juu ya mpaka. Nguzo mbili zilikuwa upande wangu, mbili upande wake, na paa la majani ya michikichi tuliliezeka pamoja kila mvua zilipokatika. Humo ndimo tulimokula mchana, mimi na jirani yangu wa shamba, tangu wake zetu walipotutangulia. Mmoja alileta ugali wa muhogo uliofungwa kwenye kitambaa, mwingine alileta dagaa waliopikwa kwa mawese. Hatukupanga zamu, na sikumbuki siku tuliyoleta wote ugali tukakosa mboga.

Mashamba yetu yapo Ilagala, pale mto Malagarasi unapopungua mwendo kabla ya kuingia ziwani na kuacha udongo wa kichanga ambao tikiti maji huupenda. Masika tulilima mahindi kama kila mtu. Kiangazi tulilima matikiti.

Yeye alizaliwa Kasingirima, Kigoma mjini, akaja huku kwa ajili ya mke, kwa hiyo nilimwita Mtoto wa Mjini hadi alipoota mvi hata kwenye nyusi. Yeye aliniita Fom Foo. Kwa rika letu, wachache walimaliza kidato cha nne, nami nilikuwa sikubali watu wasahau.

"Fom Foo, huko shule hawakuwafundisha kuleta chumvi?"

"Tulifundishwa kwamba mtoto wa mjini hutembea nayo mfukoni."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Ukiyaandika yanaonekana si kitu. Nimekuja kujua kwamba mtu anaweza kuishi kwayo miaka, na yakikatika anaweza kupita siku nzima bila kusikia sauti yake mwenyewe.

Matikiti yake yalikuwa ya mbegu ya marehemu mkewe. Yalikuwa makubwa, ya mistari, mekundu ndani, yenye mbegu nyeusi nyingi. Kila msimu alichagua tunda moja zuri, tukalila kibandani, na mbegu alizozitaka akazikusanya kiganjani, akaziosha mtoni, akazianika juu ya sahani, kisha akazichanganya na majivu ndani ya kopo la maziwa. Ndivyo mkewe alivyofanya. Mbegu nyingine tulizitema popote tulipokaa, tukishindana nani atafika mbali. Wazee wawili. Mtu angetuona angecheka.

Mimi nilikuwa wa kwanza kutaka kitu kingine. Nilikwenda Kigoma mjini kununua dawa ya wadudu, na kwenye duka la pembejeo nikaona picha ya tikiti lililopasuliwa, jekundu tupu, bila doa jeusi hata moja. Muuzaji alikuwa bwana mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Hilo halina mbegu, Mzee. Hoteli zinayagombania."

"Nipe."

Akaweka mezani pakiti ya mbegu, na pembeni yake pakiti ndogo ya rangi nyingine.

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni ya dume. Ni tikiti la kawaida, lenye mbegu. Kila mistari mitatu ya hilo la kwanza, unaweka mstari mmoja wa hili. Lisilo na mbegu lenyewe halina chavua ya maana, ule unga wa maua, lazima liazime."

Nilicheka. Nakumbuka jinsi nilivyocheka, kwa sababu wateja wengine waligeuka.

"Bwana, mimi ni Muha. Nimezaliwa chini ya mgomba. Ndizi ina mbegu?"

"Haina."

"Umewahi kuona mtu anautafutia mgomba dume ili uzae?"

"Mzee, tikiti si ndizi."

"Kisicho na mbegu kinahitaji dume la kazi gani? Mnataka mtu anunue pakiti mbili, basi."

"Haya," akasema, akairudisha ile pakiti ndogo kwenye rafu bila kukasirika. "Shamba ni lako."

Ndani ya pakiti niliyonunua kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Niliisoma ndani ya gari wakati wa kurudi. Ilisema yaleyale aliyosema muuzaji. Ningependa kuandika kwamba Kiingereza kilinishinda, lakini nilielewa kila neno. Sikuamini tu, kwa sababu nilikuwa na mgomba wangu kichwani na niliona unatosha.

Mbegu zile zilikuwa ngumu. Ganda lake ni nene kuliko la tikiti la kawaida, na maji yakizidi kidogo zinaoza kabla ya kuchipua. Karatasi ilisema zipandwe kwenye trei, ncha ikitazama juu, mahali penye joto, na hilo nililifuata neno kwa neno. Trei niliziweka ndani, karibu na mafiga, nikazifunika usiku kwa khanga ya marehemu mke wangu. Mche ulipotokeza ukiwa bado umevaa ganda kichwani kama kofia, niliulowesha kwa tone la maji, nikalivua ganda kwa kucha. Jirani yangu alikuja kuangalia.

"Fom Foo, hawa ni watoto wachanga au matikiti?"

"Ni matikiti ya wasomi."

"Basi usisahau kuwaogesha."

Miche ilikua. Niliihamishia shambani, upande wa mpaka, kwa sababu ndipo maji yalipofika kwa urahisi. Ng'ambo ya kibanda, hatua chache tu, yalitambaa matikiti ya mkewe. Yote yalichanua pamoja. Asubuhi nyuki walikuwa wengi, wakitoka kwake kuja kwangu na kurudi, na sikuwatazama mara mbili. Nani anatazama nyuki?

Nilivuna vizuri sana. Matunda yalikuwa ya mviringo, mazito, na ukiyapasua unakuta vijiganda vyeupe laini tu mahali ambapo mbegu ingekuwa. Nilijiona nimewashinda muuzaji, karatasi na Kiingereza chake.

Sasa naandika jambo ambalo ningeweza kuliruka. Siku ya mnada, kwenye gati la kivuko, watu wakisubiri kuvuka mto, tulikuwa na marundo yetu mawili ya matikiti, yamekaribiana kama yalivyokaribiana shambani. Wateja walikuja kwangu. Mama mmoja mfanyabiashara akauliza tofauti ni nini. Nilichukua kisu nikapasua langu, nikampa kipande. Halafu, bila kuomba, nikachukua la jirani yangu nikalipasua pia. Niliuma, nikatafuna, nikatema mbegu moja moja mchangani, taratibu, ili watu wahesabu.

"Hili ni la kutema," nikasema. "Lile ni la kula."

Watu wakacheka. Niliona wanacheka, nikaongeza:

"Mtu mzima anakula tikiti kama anapiga ngoma kwa ulimi. Mbegu za enzi za bibi zetu hizi!"

Walicheka tena. Jirani yangu naye alitabasamu kidogo, kama mtu anayetabasamia picha. Kisha aliinama, akaliokota lile tikiti nililolipasua, nusu mbili, akazibana pamoja kama anayetaka zishikane, akaziweka kwenye kapu lake. Hakuuza tena siku hiyo. Nilijua mbegu zile zilikuwa za nani. Nilikuwa nimekaa na marehemu mkewe, nimekula chakula chake, nimebeba jeneza lake. Nilijua, na ulimi wangu haukusimama.

Sikuomba radhi. Nilijiambia ni utani, na kwamba sisi tuna utani wetu. Lakini utani wetu ulikuwa wa kibandani, hauna mashahidi.

Mvua zikaja, zikapita. Kiangazi kilichofuata, nilipofika na trei zangu, nilimkuta upande wake anachomeka vipande vya muhogo shamba zima.

"Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha, kama kawaida yetu.

"Mwakeye, Mzee."

Mzee. Hakuwahi kuniita hivyo. Ni neno la heshima, hakuna mtu angelisikia akaona kosa, lakini mimi nilisimama na trei mikononi kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Matikiti vipi, mwaka huu?"

"Nimepumzika matikiti. Muhogo hautaki kusimamiwa. Binti yangu wa Buzebazeba ananitaka nikakae nao, miguu hii imechoka."

"Utakuja kuangalia muhogo wako?"

"Mungu akipenda."

Aliondoka juma hilohilo, na kopo lake la mbegu. Sikumwambia abaki. Nilimsaidia hata kubeba godoro hadi kwenye boti, na tukaagana kwa mikono miwili kama watu wa heshima.

Nilibaki na kibanda. Siku za kwanza nilikaa upande wangu wa mkeka, nikiacha wake wazi, kwa mazoea. Nilileta ugali, nikakumbuka kwamba hakuna mboga. Kesho yake nikaleta vyote viwili, nikaona ni kama kudanganya. Mwishowe nikawa nakula nyumbani, nimesimama.

Matikiti yangu, kwa upande mwingine, yalipendeza kuliko mwaka uliopita. Majani mapana, mazito, ya kijani kilichoiva. Yalichanua sana. Chini ya kila ua jike kuna kitunda kidogo chenye vinyweleo, kama shanga, na ukikiona unaanza kuhesabu mavuno. Lakini ua lilinyauka, kitunda kikageuka manjano, kikasinyaa, kikaanguka. Niligusa kingine, kikabaki mkononi. Nilitembea mistari yote. Chini palikuwa pametapakaa shanga za manjano.

Niliongeza maji. Nikaongeza mbolea. Nikapiga dawa, tena asubuhi, saa za nyuki, jambo ambalo ni ujinga juu ya ujinga. Matawi yakazidi kutambaa na maua yakazidi kuanguka.

Ndipo nikafikiri lile ambalo mtu wa huku hulifikiri akishindwa na yote mengine. Mtu aliyeudhika ameondoka. Shamba la mtu aliyemuudhi limegoma kuzaa. Nilikuwa kwenye kivuko, yule mama mfanyabiashara akaniuliza mzigo utakuwa tayari lini, nikajibu, "Labda tumuulize aliyehamia Buzebazeba amelifunga kwa nini." Sikusema zaidi. Mama akaguna. Mguno wa namna ile husafiri haraka kuliko boti.

Bibi shamba wa kata yetu ni mwenyeji wa Lushoto, hajakaa sana Kigoma. Alikuja na pikipiki yake nilipompigia simu, akavua kofia ngumu, akasalimu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu."

Hakuona maajabu. Alichuma ua dume la tikiti langu, akalisugua kwenye ukucha wa kidole gumba, akautazama ukucha, akanionyesha. Ulikuwa karibu safi.

"Mstari wako wa kuchavusha uko wapi?"

"Sikupanda."

"Na mwaka jana?"

"Sikupanda, na yalizaa vizuri sana."

Alisimama, akazungusha macho, yakatua ng'ambo ya kibanda kwenye muhogo.

"Pale mwaka jana palikuwa na nini?"

Nilijibu taratibu, kwa sababu jibu lilikuwa linanifikia mimi mwenyewe lilipokuwa linatoka. "Matikiti. Ya jirani yangu. Yenye mbegu."

"Basi ulikuwa unakula chavua ya jirani," akasema. Alisema kwa kucheka, hakuwa na habari.

Tuliketi kibandani. Aliketi mahali pa jirani yangu, na sikuwa na sababu ya kumzuia. Nilimwambia habari ya mgomba, kwamba ndizi haina mbegu na haitafutiwi dume. Hakunicheka. Aliokota chikichi zilizodondoka karibu, akazipanga mchangani.

"Kila seli ya mmea ina kromosomu, ndizo zinazobeba urithi. Tikiti la kawaida linazo seti mbili. Moja ya mama, moja ya baba." Akaweka chikichi mbili. "Wataalamu wanachukua mche mchanga, pale kwenye kichipukizi katikati ya majani mawili ya kwanza, wanadondoshea dawa inayoitwa kolchisini. Ni sumu inayotoka kwenye mmea wa maua, haichezewi. Seli inapotaka kugawanyika inakuwa imeshanakili kromosomu zake. Dawa inaizuia kugawanyika. Nakala zote zinabaki humohumo." Akaongeza mbili. "Sasa ni nne."

"Mmea haufi?"

"Mingi inakufa au inadumaa. Inayopona, seli zake zinakuwa kubwa, majani mazito. Mimea mingine hata matunda yanakuwa makubwa. Stroberi za kwetu Lushoto zina seti nane. Zile za porini zina mbili, na tunda lake ni kama ncha ya kidole. Viazi vitamu unavyokula vina sita, na hivyo hakuna aliyevitia dawa, vilijifanya vyenyewe zamani."

"Kwa hiyo tikiti langu lina nne?"

"Hapana. Lenye nne ni mama yake tu. Anachavushwa na baba wa kawaida. Mama anatoa nusu ya zake, baba anatoa nusu ya zake." Akachukua mbili kutoka kwenye nne, moja kutoka kwenye mbili, akazisogeza pamoja mbele yangu. "Lako ni hili. Tatu. Sasa zigawe sawasawa, kila moja na mwenzake."

Nilizitazama. Niliziunganisha mbili, ya tatu ikabaki. Nikabadilisha, ikabaki nyingine.

"Kila ukigawa, moja inabaki peke yake," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Mbegu inashindwa kujengeka, na chavua vilevile. Ndizi zako nazo nyingi zina tatu, hapo ulikuwa sahihi kabisa. Lakini ndizi hujaa yenyewe, haingoji chavua. Tikiti linangoja. Mbegu halitatengeneza, lakini lazima chavua hai ya jirani iliguse ndipo tunda lijue kwamba saa ya kukua imefika. Isipofika, linadondoka."

Aliinuka, akazunguka nyuma ya kibanda, nikamsikia akiita, "Mzee! Kumbe unalo hili!"

Karibu na nguzo, upande wake yeye aliyeondoka, lilikuwa limejiotea tikiti dogo. Jani lake lilikuwa na mikato tuliyoijua. Lilitoka kwenye mbegu tulizotema. Nilikuwa nimelipita mara nyingi nikidhani ni gugu, na ndiyo kwanza lilikuwa linachanua ua lake la kwanza na la pili. Bibi shamba alichuma ua dume moja, akakunja petali zake nyuma, akalipaka katikati ya ua jike la tikiti langu, polepole, pande zote. Ukucha wake safari hii ulikuwa na unga wa manjano.

"Fanya hivi kila asubuhi mapema, maua yakiwa mapya. Hutapata mengi, utapata machache."

Nilifanya. Nilipiga magoti kwenye mistari yangu kila asubuhi na ua moja au mawili mkononi, nikigusa pale nilipoweza kufika. Vitunda vilivyoguswa vilibaki kijani, vikanenepa. Vilivyobaki vyote vilianguka. Sikuwa na namna ya kujidanganya tena: nilikuwa nikiona kwa macho yangu, ua kwa ua, kwamba mavuno yote niliyojivunia gatini yalitoka upande wa pili wa kibanda.

Lilipoiva la kwanza nililitia kwenye mfuko nikapanda boti hadi mjini, nikauliza njia mpaka Buzebazeba. Binti yake alinikaribisha, akaniwekea kiti sebuleni, akaniletea maji kwenye sinia. Jirani yangu alitoka chumbani amevaa kanzu safi. Alikuwa amepungua.

"Karibu, Mzee."

"Nimekaribia."

Tulisalimiana kwa kirefu: afya, mvua, bei ya dagaa. Binti alilipasua tikiti, wajukuu wakalifurahia wakalimaliza. Yeye hakugusa. Walipotoka nje akafuta mikono isiyokuwa na kitu.

"Nasikia nimelifunga shamba lako," akasema. "Umekuja kufunguliwa?"

Nilitaka kusema kwamba sikusema hivyo. Nilikuwa nimesema.

"Nilisema," nikajibu. "Na siku ile gatini nilisema pia. Yote mawili nilisema mimi. Shamba lilifungwa na mimi mwenyewe."

Nikamweleza habari ya chavua, na tatu isiyogawanyika, na nyuki waliotoka kwake kuja kwangu. Nikamweleza tikiti la nyuma ya kibanda. Alisikiliza akitazama mlango. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu:

"Limeota wapi hasa?"

"Kwenye nguzo. Ulipokuwa ukiegemeza mgongo."

Aliinuka kitini. Kisha akaingia chumbani, akatoka na fundo la kitambaa. Majivu yalikuwa yamepenya na kuacha rangi kwenye vidole vyake.

"Panda mbegu hizi. Zisipopandwa msimu mwingine zitakufa kwenye kopo, na marehemu mwenyewe hatanisamehe."

"Njoo tupande wote. Kibanda kinataka kuezekwa."

"Miguu haitaki."

"Nitakuja kukuchukua."

"Nimekwambia, Mzee. Miguu."

Ilikuwa miguu kweli, niliiona alivyonisindikiza akishika ukuta. Lakini haikuwa miguu peke yake, na sote tulijua.

Msimu huu nimepanda kama karatasi ilivyosema. Mistari mitatu yangu, mstari mmoja wake, mistari mitatu, mstari mmoja, mpaka mwisho wa shamba. Asubuhi naketi kibandani nikitazama nyuki, jambo ambalo sasa nalifanya sana. Wanaingia kwenye mstari wake, wanatoka wamepakwa manjano, wanavuka kuja kwangu. Mistari yangu haina cha kuwapa warudishe. Kwa hiyo mbegu za mstari wake zinabaki zake, bibi shamba ameniambia, chavua ya yangu haina nguvu ya kuziharibu.

Watoto wangu wapo Dar es Salaam na Mwanza, wananipigia simu, wanauliza kama nakula. Nawajibu nakula. Matikiti yamebeba vizuri. Mama mfanyabiashara amekuja kuyatazama, nikamwonyesha mistari, nikamweleza kila kitu pamoja na ule mguno wake. Aliguna tena, kwa namna nyingine.

Lilipoiva la kwanza safari hii sikumpelekea lile lisilo na mbegu. Nilichagua la mstari wake, kubwa, nililolimwagilia hadi siku ya kulikata ili lipendeze, nikampa nahodha wa boti alifikishe Buzebazeba. Sikutuma neno.

Siku kadhaa zilipita. Niliezeka kibanda peke yangu, kazi ya watu wawili, nikaanguka mara moja bila kuumia na bila mtu wa kunicheka. Kisha nahodha akaniletea fundo la kitambaa kilekile. Ndani mlikuwa na mbegu mpya, zimeoshwa, zimekauka, zimechanganywa na majivu.

"Amesema nini?" nikauliza.

Nahodha alisita, ni mtu mwenye adabu. "Mzee, ameniapisha niseme kama alivyosema."

"Sema."

"Amesema, 'Mwambie Fom Foo amelizamisha tikiti la mke wangu kwa maji. Halina utamu hata kidogo. Huko shule hawakuwafundisha kwamba tunda likikaribia kuiva unalinyima maji?'"

Nahodha alinitazama aone kama nimeudhika. Nilimwomba arudie, akarudia.

Mchana ule nilibeba ugali na dagaa nikaenda kula kibandani, nimekaa upande wangu. Nilipomaliza nikaenda kufunga mfereji wa maji wa mistari yake yote. Mistari yangu nikaiacha inywe kidogo zaidi, kisha nikaifunga nayo.